Kabla ya kukata nywele za kutoa: mkia mmoja hudanganya futi

*Shikamoo, Bi. Mimi ni mkaazi wa Mkomani, Lamu. Nimefuga nywele miaka minne nikikusudia kuzitoa zitengenezewe wigi za watoto waliopoteza nywele kwa maradhi, na suala la dini nimeshalimaliza kwa mwalimu wangu. Nikizifunga mkia mmoja shingoni zina inchi 14, na chama ninachotaka kuwapelekea kinataka inchi 12. Zina mawimbi, na huzitia hina na mafuta ya nazi. Fundi aniambia atafunga raba moja na kukata mara moja. Je, zatosha? Na kuna haja gani ya kugawa mkia?*

Marahaba, mwanangu. Mwambie fundi wako asubiri, kwa sababu inchi 14 za mkia mmoja hazina maana kwamba kichwa chako kina nywele za inchi 14 za kutoa, na kwa urefu uliouandika nina shaka kwamba sehemu kubwa ya nywele zako ingefika chamani ikiwa fupi kuliko inavyotakiwa. Nimetengeneza nywele za wanawake majumbani hapa Lamu kwa muda mrefu, na kosa hili la mkia mmoja nililifanya mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipoombwa kazi ya namna hii, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu.

Nywele zikivutwa nyuma na kufungwa shingoni, kila unywele husafiri juu ya kichwa kutoka pale ulipoota hadi kufika kwenye raba. Unywele ulioota kisogoni, karibu na shingo, husafiri sentimita nne au tano tu, kisha sehemu yake yote iliyobaki huning'inia. Ule ulioota kwenye paji la uso hupanda, ukapita utosini, ukateremka kisogo kizima, na safari hiyo kwa kichwa cha mtu mzima hufika karibu sentimita 28. Ukiweka futi chini ya raba na kusoma hadi nchani, unachokisoma ni urefu wa zile nywele chache za kisogoni zilizosafiri kidogo. Za mbele zimejificha ndani ya mkia, na huenda zimepita raba kwa upana wa kiganja tu.

Nitakupa mfano wa binti mmoja wa Shela aliyenijia na swali kama lako. Mkia wake mmoja ulipimwa ukawa na sentimita 40, yaani karibu inchi 16, na mama yake alikuwa ameshanunua bahasha. Nilimfungua nywele, nikamketisha kwenye kigoda kichwa kikiwa wima, nikampima sehemu moja moja kwa futi ya cherehani, nikianzia kwenye ngozi ya kichwa hadi nchani. Kisogoni alikuwa na sentimita 45, utosini 46, juu ya sikio 43, na kwenye paji la uso 35, kwa sababu nywele za mbele ndizo zinazoshikwashikwa, zinazobanwa na mtandio na kukatika zaidi.

Sasa toa safari. Za kisogoni zilibaki na 40 chini ya raba, ndizo zilizotoa kipimo kilichomfurahisha mama yake. Za utosini zilisafiri kama sentimita 16, zikabaki na 30. Za juu ya sikio zilisafiri 14, zikabaki na 29. Za mbele zilibaki na saba. Kwa chama kinachotaka inchi 12, ambazo ni sentimita 30 na nusu, ni nywele za kisogoni peke yake ambazo zingefaa kutoka kwenye mkia ule mnene. Na kichwani pangebaki nini? Nywele za shingoni zingebaki na sentimita nne, za mbele zingebaki na 27, na binti angetoka na umbo ambalo hakuna fundi anayeweza kulirekebisha bila kukata tena zile za mbele, na vipande hivyo vya mwisho vingeishia kwenye pipa la taka.

Mkia unapogawanywa kuwa mashungi madogo, kila shungi hufungwa karibu na pale lilipoota, kwa hiyo hakuna safari ya kulipia. Urefu wa kutoa na urefu wa kubakiza vyote viwili vinatoka kwenye unywele uleule, na wewe ndiye unayeamua mpaka uwe wapi.

Kuhusu huo urefu wenyewe, vyama havifanani, na usichukue sharti la kimoja ukalipeleka kwa kingine. Locks of Love, kilichopo Florida, Marekani, kinataka angalau inchi 10, yaani sentimita 25 na nusu. Wigs for Kids kinataka inchi 12. Tofauti hiyo ya inchi mbili ni miezi minne au mitano ya kufuga, kwa sababu unywele wa kichwani hukua kwa wastani wa sentimita moja na kidogo kwa mwezi, na hakuna mafuta yanayouharakisha. Mafuta ya nazi na kusuka husaidia usikatike, na kutokatika ndiko kunakoonekana kama kukua. Sababu ya kudai urefu mkubwa iko kwenye ufundi wa wigi: nywele hupitishwa kwa sindano yenye kulabu kwenye kitambaa chembamba chenye matundu, zikakunjwa na kupigwa fundo, kwa hiyo sehemu ya urefu humezwa na mkunjo huo. Kabla ya hapo, fungu la nywele huchanwa kwenye ubao wenye meno ya chuma, na zote zilizo fupi hutoka na kutupwa. Ndiyo maana wigi moja huhitaji mikia ya watu kadhaa; Locks of Love wenyewe husema ni kati ya mikia 6 na 10.

Nywele zako za mawimbi zipimwe zikiwa zimenyooshwa kwa mkono, bila kuzivuta hadi ngozi ikainuka. Usizipige pasi wala drai la moto ili zinyooke kwa ajili ya kipimo, maana joto hilo huzikausha na kuzivunja, na chama hakihitaji ziwe zimenyooka. Pia usihesabu nyuzi tatu nne za mwisho zinazoning'inia peke yake kama mkia wa panya. Shika shungi kati ya vidole viwili, teremka nalo, na pale unapohisi limekonda hadi nusu ya unene wake, hapo ndipo kipimo kinapoishia. Kwa mtu aliyefuga miaka minne bila kupunguza ncha, mahali hapo huwa sentimita mbili au tatu juu ya ncha anayoiona.

Hina inahitaji uangalifu wa namna nyingine. Hina ya majani matupu hushikamana na unywele na kuupa ugumu kidogo, lakini bado ni rangi. Locks of Love hupokea nywele zilizotiwa rangi, na huzikataa zilizotiwa blichi, kwa kuwa blichi huharibu unywele ndani na hauvumilii dawa nyingine kiwandani. Wigs for Kids hawapokei nywele zenye rangi. Kwa kuwa chama chako ni cha inchi 12, waandikie kwanza na uwaambie wazi kwamba umetia hina, tena ueleze kama ni ya majani peke yake au iliyochanganywa na piko. Piko ni rangi ya nywele yenye kemikali, wala si hina, hata kama kwetu tunaviweka kwenye kibakuli kimoja siku ya arusi. Wakikataa, ama utafute chama kinachopokea, ama uache kutia kuanzia leo na usubiri nywele mpya zifike urefu, jambo ambalo kwa inchi 12 ni zaidi ya miaka miwili.

Tuseme sasa umekubaliwa na umepima sehemu zote. Siku ya kukata huanzia jana yake. Osha nywele kwa shampuu mara mbili, kwa sababu mafuta ya nazi hayatoki kwa mara moja, na nywele zenye mafuta hushika vumbi na kuvunda ndani ya mfuko. Kisha ziache zikauke bila kufungwa, usiku mzima. Hapa kwetu hewa ya bahari ina unyevu mwingi, na nywele zinazoonekana kavu kwa nje huwa bado na maji karibu na ngozi ya kichwa na katikati ya mawimbi. Mimi huchukua shungi la kisogoni, hulipanua kwa vidole na kuliweka kwenye mdomo wangu wa juu. Kama nahisi ubaridi hata kidogo, hazijakauka, na kazi inaahirishwa. Ile kazi yangu ya kwanza niliyoikosea iliharibikia hapa pia: tulikata alasiri nywele zilizooshwa asubuhi, tukazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga, na baada ya siku tisa mwenyewe alipoufungua kuongeza barua, zilinuka ukungu. Zilitupwa zote, nywele za miaka mitano, na nililia naye.

Keti wima, uso ukitazama mbele. Usiinamishe kichwa, kwa sababu ukiinama ngozi ya kisogo huvutika, na ukija kuinua kichwa utakuta za shingoni zimekatwa juu kuliko ulivyokusudia. Fundi achane njia ya kwanza kwa mkia wa kitana, kutoka katikati ya paji la uso, juu ya utosi, hadi shingoni. Njia ya pili itoke nyuma ya sikio moja, ipite utosini, iende hadi nyuma ya sikio la pili. Umeshapata robo nne. Kila robo ya mbele igawanywe mara mbili, sehemu iliyo karibu na paji la uso na sehemu iliyo juu ya sikio. Kila robo ya nyuma nayo igawanywe mara mbili, ya juu na ya shingoni. Hayo ni mashungi manane. Kama nywele zako ni nyingi, gawa tena ile ya juu nyuma, kwa sababu hapo ndipo panapojaa zaidi. Kipimo changu ni kwamba shungi likifungwa lisizidi unene wa kidole gumba. Likizidi hapo, mkasi hauwezi kulikata bila kusukuma nywele mbele, na utaona ukingo umekatwa mshazari, upande mmoja ukiwa umepoteza hata sentimita mbili.

Watu wengi huuliza raba ikae wapi, na hapa ndipo nisipokubaliana na mafundi wanaoweka raba zote kwa urefu mmoja kutoka nchani. Anza na unachotaka kubakiza. Kwa chama cha inchi 12, kila shungi linalotolewa lazima liwe na sentimita 32 chini ya raba, yaani 30 na nusu za sharti na moja na nusu ya tahadhari. Mkasi hupita sentimita moja juu ya raba, upande wa kichwa, ili nywele zisichomoke kwenye fungo. Kwa hiyo kila shungi huondoka na sentimita 33. Binti wa Shela, kwa vipimo vile vya kwanza, angebaki na 13 utosini, 12 kisogoni, 10 juu ya sikio, na mbili tu kwenye paji la uso. Sentimita mbili mbele ya uso si kitu cha kumfanyia msichana wa miaka kumi na saba.

Nilimpa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kutoa mashungi sita na kuyaacha yale mawili ya mbele bila kuyagusa, jambo linalowezekana kabisa, kwa kuwa hakuna chama kinachodai kichwa kizima. Ya pili ilikuwa kusubiri. Alichagua kusubiri, akawa anasuka usiku, akaacha kubana nywele za mbele kwa pini chini ya mtandio, na katika muda huo tulipunguza ncha mara mbili tu, nusu sentimita kila mara. Baada ya miezi minane za mbele zilifika 42. Utosini zilikuwa 53, kisogoni 52, juu ya sikio 50. Hapo hesabu ilibadilika kwa uzuri: mashungi ya mbele yalitoa 33 na kubakiza tisa, lakini ya utosini hatukuyakata kwa 33. Tuliamua abaki na 15 utosini, kisha kila shungi la hapo likaondoka na sentimita 38. Ya kisogoni yalibakizwa 14, nayo yakaondoka na 38 pia. Mashungi hayana lazima ya kulingana. Lililo refu zaidi lina faida zaidi kwa mtengenezaji, na kichwa chako kinapata umbo lililopangwa badala ya lililobahatisha.

Kwa hiyo kabla ya mkasi, andika kwenye karatasi majina ya sehemu nne, urefu wa kila moja, na urefu unaotaka ubaki, kisha utoe. Ukipata tofauti iliyo chini ya 33 kwa sehemu yoyote, sehemu hiyo haijawa tayari. Kama mkia wako mmoja ni inchi 14, yaani sentimita 36 hivi, basi za kisogoni zinakaribia 40, nazo zikitoa 33 zitakubakizia saba. Hizo ni fupi mno, kwa maoni yangu, kwa mtu aliyezoea kusuka. Vipimo vyako vya utosini na vya mbele ndivyo vitakavyosema ukweli, lakini nikikisia kwa ulichoniandikia, ningekuambia usubiri miezi sita hadi minane, au uombe chama cha inchi 10 ambacho hakikatai hina.

Kila shungi lifungwe kwa raba mbili ndogo zisizo na chuma, moja chini ya nyingine, ziachane kwa upana wa kidole. Ya juu hushika, na ya chini huokoa endapo ya juu italegea, maana shungi likishakatwa hupungua ubonge na raba iliyokuwa imekaza huanza kuteleza. Ongeza raba ya tatu katikati na ya nne karibu na ncha. Fundi ashike shungi chini ya raba, alivute kuelekea linakoangukia lenyewe na si juu, kisha akate kwa mkasi wa kukatia nywele au wa kitambaa ulionolewa, kidogo kidogo, kama mtu anayekata kamba nene. Utasikia sauti ya mkwaruzo, na huo ni mkasi ukila nywele kavu, usishtuke.

Likishakatika, liwekwe juu ya kitambaa cheupe, na yote yaelekee upande mmoja, upande wa shina kwa shina. Unywele una magamba madogo yanayolalia kuelekea nchani, kama ya samaki. Ukiuchanganya, shina hili likawa kando ya ncha ile, magamba hukwaruzana na nywele husokotana hadi hazifumuki tena. Kwa sababu hiyohiyo, zilizoanguka sakafuni haziokotwi, hata zikiwa ndefu. Zifagie na uzizike kama mlivyozoea nyumbani.

Mashungi yalale juu ya kitambaa usiku mmoja zaidi ndani ya chumba kisicho na umande, kisha yaingie kwenye mfuko safi wa plastiki, na mfuko ndani ya bahasha nene. Kusawazisha zilizobaki kichwani kufanywe mwisho kabisa, baada ya mashungi yote kukatwa na kuwekwa kando, na fundi afuate lile shungi lililobaki fupi kuliko yote. Akianza kusawazisha baada ya shungi la kwanza, atakuwa anakisia, na kila kisio kitakula sentimita ambayo ilipaswa kuingia kwenye bahasha.